Kupima Sampuli ya Kahawa Safi Kabla ya Kununua

Mnunuzi wa kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, anayeletewa sampuli ya arabika iliyoandikwa AA huweza kudhani kwamba kazi ya kupima imekwisha kufanyika. Herufi hizo zinazungumzia ukubwa wa punje na kidogo sana kuhusu ladha yake. Nchini Tanzania, AA ni punje zinazobaki juu ya chekecheo namba 18, ambalo tundu lake lina upana wa karibu milimita 7.1, na PB ni punje za mviringo zinazoota moja tu ndani ya tunda. Punje zenye ukubwa unaolingana hukaangika sawasawa, na hiyo ndiyo faida kubwa ya daraja. Hata hivyo, si ajabu PB ya shamba moja kuishinda AA ya jirani yake pale zinapoonjwa.

Sampuli ichotwe katika magunia mbalimbali ya shehena, ichanganywe, na ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Unyevu upimwe kwanza, mara tu mfuko unapofunguliwa, kwa sababu kahawa iliyoachwa wazi mezani hupoteza au hufyonza unyevu kulingana na hewa ya chumba. Kipimo kiwekwe kwenye mpangilio wa kahawa safi, kwani kikiachwa kwenye mahindi kitatoa namba isiyo na maana. Unyevu unaofaa ni asilimia 10 hadi 12. Ukizidi hapo ukungu hukaribishwa, na juu ya hilo unalipia maji: shehena ya kilo 3,600 yenye unyevu wa asilimia 13.5, ikikaushwa hadi asilimia 11, itabaki na kilo 3,499 hivi, yaani pungufu ya karibu magunia mawili ya kilo 60.

Baada ya hapo pima gramu 350, uzimwage kwenye mkeka mweusi penye mwanga wa kutosha, uzichambue punje moja moja. Kwa utaratibu wa Chama cha Kahawa Maalumu, SCA, kasoro zimegawanywa katika makundi mawili. Punje moja nyeusi kabisa, chachu kabisa au yenye ukungu huhesabiwa kuwa kasoro kamili ya kundi la kwanza, ilhali katika kundi la pili huhitajika punje kadhaa ili kupata kasoro moja. Tuseme umekuta punje 1 chachu kabisa, 6 zenye weusi wa sehemu tu, 15 zilizovunjika, 12 zilizotobolewa kidogo na wadudu na 4 zinazoelea majini. Chachu ni kasoro 1. Zenye weusi wa sehemu, tatu kwa moja, ni 2. Zilizovunjika, tano kwa moja, ni 3. Zilizotobolewa, kumi kwa moja, ni 1. Na zinazoelea hazihesabiwi kwa sababu hazijafika 5. Jumla ni 7. Kahawa maalumu hairuhusiwi kuwa na kasoro hata moja ya kundi la kwanza, wala kuzidi kasoro kamili 5 kwa jumla, kwa hiyo sampuli hii imekwama mara mbili.

Punje chachu huwa na rangi ya manjano au kahawia yenye wekundu, na ukiikata hutoa harufu kama ya siki. Mara nyingi chanzo chake ni matunda yaliyoiva kupita kiasi, au yaliyocheleweshwa kumenywa, au yaliyoachwa mno kwenye tangi la kuchachusha.

Je, ulimi usingeigundua? Pengine usingeigundua. Katika kuonja huandaliwa vikombe 5, kila kimoja kikiwa na gramu 8.25 za kahawa iliyokaangwa kidogo, kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93. Vikombe vyote vitano hutumia gramu 41 tu, kwa hiyo punje moja mbovu ndani ya gramu 350 ina nafasi ya takribani moja kati ya nane ya kuangukia humo. Ndiyo maana kuonja hakuchukui nafasi ya kuhesabu, na ndiyo maana pia kahawa ya kila kikombe hupimwa na kusagwa peke yake: ikisagwa kwa pamoja, uchachu husambaa katika vikombe vyote na kufifia.

Ikiangukia humo, hasara yake ni kubwa. Kwa fomu ya alama 100 ya mwaka 2004, ambayo wengi wameizoea, kahawa iliyostahili 82.5 hupoteza alama 2 za ulinganifu na 2 za usafi wa kikombe, kisha hukatwa 4 nyingine kwa kosa zito katika kikombe kimoja. Inabaki 74.5, chini ya 80 inayotenganisha kahawa maalumu na ya kawaida. Na hapo sijagusa alama za utamu.

Kwa sampuli kama hii, mwombe muuzaji aichambue shehena upya na akuletee sampuli nyingine, kwa kuwa punje chachu na zilizovunjika huondolewa kwa mkono au kwa mashine ya kutenganisha rangi, ilhali ladha ya ukungu iliyokwisha kuenea haiondoki. Sampuli uliyoikubali igawe mara mbili, nusu moja uifunge na kuiwekea tarehe, uipime tena sambamba na magunia siku yatakapokufikia.