SOMO: Doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho na haliumi, soma hapa kabla hujakimbilia dawa

Naandika hii mara moja ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki tu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho, na kila wiki inbox inaletwa picha ile ile, jicho jeupe lakini pembeni kuna doa jekundu la kutisha, halafu chini yake "nimeamka nalo, haliumi, nitapofuka?" Mara nyingi jibu ni hapana. Ila "mara nyingi" ina masharti yake, ndo maana kuna hatua.

Kwanza ujue ni kitu gani. Juu ya weupe wa jicho kuna ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, na ndani yake kuna vimishipa vidogo ambavyo siku za kawaida hata huvioni. Kamoja kakipasuka, damu inavilia kati ya hiyo ngozi na weupe. Kinachokapasua mara nyingi ni kukohoa, kupiga chafya, kutapika, kujikamua chooni, kubeba mzigo mzito, kusukuma mtoto wakati wa kujifungua, au kujipekecha jicho usingizini, na watu wengi hawakumbuki chochote kabisa. Damu ni kidogo mno, inaonekana nyingi kwasababu imetandazwa, na haijaingia ndani ya jicho.

Hatua ya 1. Simama dirishani na kioo, uangalie kwa mwanga wa jua, sio taa ya simu.

Hatua ya 2. Funika jicho moja soma kitu kilicho mbali, kisha funika la pili. Jicho lenye doa lisome kama lilivyokuwa linasoma jana. Ukiona ukungu, pazia au vitu viwili viwili, acha kusoma hapa nenda hospitali.

Hatua ya 3. Angalia uwekundu wenyewe. Doa la damu limejaa rangi moja na kingo zake zinaonekana wazi, na sehemu nyingine ya jicho imebaki nyeupe. Ukiona jicho zima lina vimishipa vyekundu, linatoa machozi au tongotongo, linawasha, na jirani anaumwa hivyo hivyo, hilo ni suala jingine, ni yale macho mekundu kama yaliyosambaa Dar mwanzoni mwa 2024, ingawa hata kirusi hicho saa ingine kinaacha vidoa vya damu. Na jicho linalouma kweli au linalokimbia mwanga halipo kwenye hili somo. Kukwaruza kidogo kama kuna kitu ndani ni sawa.

Angalia pia mbele ya ile duara nyeusi. Doa letu linaishia ukingoni mwake, halipandi juu. Kama damu imelala chini ndani ya duara, imetulia usawa kama chai kwenye kikombe, hiyo imo ndani ya jicho na ni dharura.

Hatua ya 4. Jicho liliguswa na nini? Hapa ndo watu wanapotea, soma taratibu. Haya yote ninayosema ni ya doa lililojitokeza lenyewe. Kama uligongwa, ulipigwa ngumi, ulianguka na boda, au ulikuwa unagonga nyundo au unatumia grainda, basi kutouma hakukusaidii chochote. Alikuja kwetu kijana fundi wa mageti, alikuwa anakata bomba kwa grainda bila miwani, akahisi kitu "tik" kwenye jicho, akapangusa akaendelea na kazi. Jioni doa jekundu dogo upande wa pua, haliumi, anaona vizuri. Duka la dawa wakampa matone wakamwambia ni mshipa tu. Alipofika kwetu jicho lilikuwa limeanza kuona ukungu, na ukiangalia kwa mashine mboni haiko duara tena, imevutika kuelekea kwenye doa. Eksirei ikaonyesha kipande cha chuma ndani ya jicho. Kipande kidogo chenye spidi kinaweza kupenya bila maumivu makali, na doa la damu likafunika tundu lilipopitia, kwahiyo usipotafuta hulioni. Chuma kikikaa humo kinaliharibu jicho polepole, achilia mbali bakteria ambao wao hawana upole.

Kwahiyo: grainda, nyundo, kulehemu, ajali, unaenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usilikandamize, usiliweke matone ya aina yoyote, usitoe chochote kilichochomeka. Lifunike na kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha karatasi kilichokatwa kinafaa. Waambie mapema kwamba huenda kuna chuma, ili asitokee mtu wa kukupeleka kwenye kipimo cha MRI, ile mashine ni sumaku. Na aliyegongwa kichwa halafu damu ikajaa nyuma mpaka mwisho wake hauonekani hata akigeuza jicho, huyo apimwe na kichwa, fuvu linaweza kuwa limepasuka.

Hatua ya 5. Pima presha, hata kama una miaka 30 na hujawahi kuugua. Doa halithibitishi kwamba una presha, ila kuna watu wameijua presha yao kwasababu ya doa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi rudia siku nyingine, usianze kumeza dawa za jirani. Ikifika 180 kwa 120 na kichwa kinauma sana, kifua kinabana, au mkono unakosa nguvu, hapo hakuna kurudia, ni hospitali sasa hivi.

Kama unatumia warfarini, klopidogreli au aspirini, usiziache mwenyewe. Doa litaondoka, lakini damu ikiganda kwenye moyo au ubongo ni habari nyingine. Wa warfarini nenda ukapime INR, kile kipimo cha kasi ya damu kuganda, huenda dozi imepanda kuliko unavyotakiwa. Na ukiona damu ya fizi, ya pua, au mabaka mwilini bila kugongwa, nenda kapime damu na chembe sahani.

Hatua ya 6. Liache. Baridi juu ya kope dakika chache siku ya kwanza, machozi ya bandia kama linakwaruza, basi. Siku ya pili linaweza kutanuka, au kushuka chini, hiyo ni damu inatandaa na sio kwamba inatoka upya. Baada ya hapo linageuka njano na kufifia, wiki moja hadi mbili, makubwa wiki tatu.

---

Mama Wawili: Shikamoo dokta, nipake dawa gani sasa?

Mwandishi: Marahaba, mie sio daktari. Hatua ya 6.

Kibada_Boy: Mkuu jicho langu jekundu, linauma tangu juzi, mwanga siutaki, kuna dawa ya matone ya steroidi nilibaki nayo ya mke wangu niitumie?

Mwandishi: Soma hatua ya 3. Hapana. Hospitali leo. Steroidi kwenye kidonda cha jicho cha kirusi cha herpesi inakiongeza, na ukiitumia ovyo inapandisha presha ya ndani ya jicho, ambayo huisikii mpaka umepoteza uoni. Na chupa hiyo imeshafunguliwa, tena ilikuwa ya mkeo, itupe.

Nuru ya Tanga: Samahani swali la kishamba, mbona ukigongwa mkononi damu ikivilia inakuwa ya zambarau, ila ya jichoni inang'aa nyekundu siku nyingi?

Mwandishi: Sio la kishamba hata kidogo. Ngozi ya mkono ni nene, damu iliyonaswa chini inakosa oksijeni inakuwa nyeusi. Ile ya jicho ni nyembamba mno, oksijeni ya hewani inapenya mpaka kwenye damu, ndo maana inabaki nyekundu ya kung'aa. Na hata njano ya mwishoni inatokana na mwili kuvunja damu, sio kwamba ini linaumwa. Ukitaka kutofautisha, manjano ya ini inashika macho yote mawili sawasawa, hii inabaki pale pale lilipokuwa doa.

Nuru ya Tanga: Na kwanini linaishia kwenye duara?

Mwandishi: Ngozi ile imeshikamana na jicho pale ukingoni, damu haina pa kupita. Ndo maana ukiona damu ndani ya duara, nimesema ni dharura.

Fundi_Mbezi: Mambo ya kizungu haya, bibi yangu alikuwa anaweka maji ya majani na mtoto alipona siku ya nane.

Mwandishi: Ndo siku ambayo lingepona bila majani. Kilichokuwa na faida humo ni siku nane. Kliniki napokea vidonda vya jicho vya majani na maziwa ya mama kila mara, kwahiyo kwenye hili sibishani.

Dada Zaina: Mwanangu wa wiki moja ana doa macho yote, nimelia sana.

Mwandishi: Pole dada, hongera kwa mtoto. Ni mgandamizo wa kupita njia ya uzazi, wapo watoto wanaozaliwa na madoa hayo, yanaisha yenyewe. Muoneshe mkunga kwenye kliniki ya watoto ahakikishe hakuna kingine. Ila kwa mtoto mkubwa doa bila sababu ni lazima daktari amuone, kama anakohoa mfululizo mpaka anatapika inaweza kuwa kifaduro.

Baba Kasim: Mimi linarudi rudi, hii mara ya tatu ndani ya mwaka, presha nimepima 128 kwa 82.

Mwandishi: Upande ule ule au tofauti? Unavaa lenzi za macho? Unapekecha macho yakiwasha?

Baba Kasim: Pande zote. Lenzi hapana. Yanawasha ndio, nina aleji ya vumbi, napekecha sana usiku.

Mwandishi: Hapo tunaanza kupata mwanga, tibu aleji upate vidonge au matone ya aleji kwa mtaalamu, na kupekecha uache. Lakini kurudia mara tatu kunahitaji pia kipimo cha damu kamili na sukari, usiridhike na presha pekee.

Mzee wa Kariakoo: Kijana nina mashine ya presha ya kwenye kiganja, leo inasoma 160, kesho 120, niamini ipi?

Mwandishi: Mzee wangu, za kiganjani zinadanganya mkono ukiwa chini. Tumia ya mkono wa juu ukiweza. Kaa dakika 5 mgongo umeegemea kiti, miguu chini, usiipishanishe, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, usiongee. Nusu saa kabla hakuna kahawa wala sigara. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote.

Mzee wa Kariakoo: Mkono wa kushoto au kulia?

Mwandishi: Siku ya kwanza yote miwili. Ule unaosoma juu ndo utautumia siku zote.