Soma nyufa za paipu ya petroli kabla hujaibadilisha

Paipu ya petroli ya pikipiki ikipasuka, wengi wetu huichomoa, hununua nyingine ya urefu uleule na kuirudishia palepale. Kiangazi kikipita nayo inapasuka, na lawama zinamwendea muuza vipuri. Paipu ya zamani ingetazamwa kwanza, ingeonyesha kilichoimaliza, kwa sababu jua, joto na hewa kila kimoja huacha dalili ya namna yake. Nafanya kazi na pikipiki za bodaboda ambazo hushinda kijiweni juani, kwa hiyo nitaeleza kwa paipu inayotoka kwenye koki ya tangi kwenda kwenye kabureta. Ukishaielewa hiyo, sili na rababendi utazielewa pia.

Hatua ya 1: Weka alama kabla ya kuchomoa

Injini iwe imepoa, koki imefungwa, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Tega kikopo chini. Kwa kalamu nyeupe au chaki, weka alama upande wa paipu unaotazama jua, na alama nyingine upande unaotazama silinda. Paipu ikishakuwa mkononi bila alama, hutajua tena upande upi ulikuwa wapi, na ushahidi wote unapotea.

Legeza kilipu, kisha zungusha paipu taratibu mpaka iachie. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 2: Angalia nyufa zimelala vipi

Hapa usiwe na haraka. Shika paipu penye mwanga, uipinde kidogo ili nyufa zifunguke, uangalie zinaelekea wapi.

Nyufa zikiwa zimejipanga kwa mwelekeo mmoja, hiyo ni kazi ya ozoni. Ozoni ni oksijeni yenye atomu 3 badala ya 2, nayo huzaliwa hewani mwanga wa jua unapokutana na moshi wa magari. Mpira ni minyororo mirefu ya kaboni, na katika mpira wa asili na ule wa nitrili unaotumika sana kwenye mafuta, minyororo hiyo ina sehemu zenye bondi mbili. Ozoni hukatia hapo. Mpira ukiwa umelegea, inaharibu ngozi nyembamba ya juu tu na mambo yanakaribia kuishia hapo. Ukiwa umevutwa, kila mkato mdogo unafunguka, ndani yake panatokea mpira mpya ambao haujaguswa, na ozoni inaendelea kushuka. Ndiyo maana ufa wa ozoni hukatiza mvuto: mpira ukivutwa kushoto na kulia, ufa husimama wima.

Sasa fikiria paipu yenyewe. Mwisho wake umesukumwa juu ya kimrija cha kabureta kilicho kinene kuliko tundu lake, kwa hiyo umetanuka kwa mzunguko. Ufa wa hapo hutembea kwa urefu wa paipu. Pale paipu inapopinda, mgongo wa kona umevutwa kwa urefu, kwa hiyo ufa hukata kwa upana. Paipu moja inaweza kuwa na nyufa za aina zote mbili, na kila moja inakuonyesha mahali mpira ulipokuwa ukiteseka.

Jua lenyewe huacha sura nyingine. Miale ya urujuanimno pamoja na oksijeni hukausha uso na kuufanya wavuwavu wenye vijiufa vidogo vya kila upande, visivyo na mwelekeo, tena upande wa alama ya jua peke yake. Ukipitisha kidole huenda ukatoka na unga. Vijiufa hivi kwa kawaida haviendi kina, hasa kwenye paipu nyeusi, kwa kuwa masizi yaliyochanganywa kwenye mpira huzuia miale isipenye. Mpira wa rangi hauna kinga hiyo kwa kiwango kile.

Hatua ya 3: Ibonyeze

Joto linaweza kuharibu bila kuonyesha ufa wowote. Bonyeza kwa ukucha upande wa silinda, kisha upande wa pili. Mpira mzima hurudi mara moja. Ulioiva kwa joto ni mgumu, hubaki na alama ya kilipu, na ukiukunja unapasuka hapohapo. Wakati wa kiwandani salfa ilitumika kuifunga minyororo ya mpira pamoja; joto na oksijeni huendelea kuongeza vifungo kupita kiasi, na unyumbufu unaisha. Mpira wa asili mara nyingine huanza kwa kunata badala ya kukauka, kwa kuwa minyororo yake inakatika.

Kwa makadirio ya mafundi na wakemia, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, uchakavu huu huenda kasi karibu mara mbili. Paipu iliyokaa kwenye nyuzi 30 na nyingine iliyokaa kwenye 60 zinatofautiana kwa mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Iliyostahili miaka 4 inamalizika kwa miezi 6. Mpira mweusi ulioachwa juani mchana unaweza kufika huko hata injini ikiwa imezimwa.

Hatua ya 4: Unganisha ushahidi

Chukua pikipiki iliyoletwa kwa sababu ya harufu ya petroli kila inapoegeshwa. Katikati paipu ilikuwa laini, ina wavuwavu kidogo juu. Upande wa koki ulikuwa mzima. Upande wa kabureta ulikuwa na nyufa mbili ndefu zilizoanzia ukingoni na kupita chini ya kilipu, na mpira wa hapo ulikuwa mgumu. Jua halikuwa mkosaji mkuu. Paipu ilikuwa na tundu dogo kuliko kimrija, ikalazimishwa kuingia, ikabaki imetanuka jirani na silinda yenye moto. Joto liliukausha mpira, ozoni ikaupasua. Kununua ileile nene zaidi kusingesaidia kitu. Iliwekwa yenye tundu la kipimo cha kimrija, ndefu kidogo ili ipinde kwa duara pana, na ikapitishwa mbali na mapezi ya silinda.

Hatua ya 5: Chagua na ufunge mpya

Pima kimrija kwanza. Tafuta paipu ya mafuta yenye maandishi ubavuni. `SAE J30R7` ni ya mifumo ya kabureta. Usitumie paipu ya maji ya rejeta: nyingi ni za EPDM, mpira unaostahimili sana ozoni na jua lakini unaovimba kwenye petroli. Zile za plastiki zinazopitisha mwanga si mpira kabisa. Hugeuka njano na kukakamaa vilainishi vyake vikitoka.

Kilainishi cha kuingizia kiwe tone la petroli kwenye mdomo wa paipu tu. Usiisugue paipu nzima kwa petroli ukidhani unaisafisha, maana watengenezaji huweka nta ndani ya mpira ambayo hupanda taratibu na kufunika uso dhidi ya ozoni, na petroli huiondoa. Kaza kilipu mpaka kishike, kisiume mpira.

Fungua koki, subiri dakika chache, pitisha kidole kavu kwenye miisho yote miwili, kisha washa. Injini ikipoa baada ya safari ya kwanza, kagua tena mwisho wa kabureta. Kipande kilichobaki kihifadhi kimelegea, bila kukunjwa, kwenye mfuko uliofungwa, gizani, mbali na mashine ya kuchomelea, kwa kuwa cheche zake nazo huzalisha ozoni.