Jedwali la uamilifu, mgogoro na mwingiliano: namna ya kulijaza wiki ya mwisho kabla ya mtihani

Wadau wa sosholojia, msianze na majina. Chora jedwali, kisha juu ya kila nadharia andika swali inalouliza. Uamilifu: kitu hiki kinaifaa nini jamii? Mgogoro: nani ananufaika, nani anaumia? Mwingiliano: watu wanakipa maana gani wanapokutana ana kwa ana?

Hatua ya pili, jaza visanduku tisa, kila kimoja jina na wazo moja tu:

| | Uamilifu | Mgogoro | Mwingiliano |
|---|---|---|---|
| Familia | Parsons: kulea mtoto, kutuliza watu wazima | Engels 1884: kurithisha mali | Burgess 1926: watu wanaoathiriana |
| Elimu | Durkheim: mshikamano | Bowles na Gintis 1976: shule huandaa wafanyakazi watiifu | Rosenthal na Jacobson 1968: matarajio ya mwalimu |
| Uhalifu | Merton 1938: malengo bila njia | Bonger: ubepari hukuza ubinafsi | Becker 1963: kubandikwa jina |

Hatua ya tatu ndiyo yenye alama: pitisha kisa kimoja kwenye mstari mzima, tuseme ule wa uhalifu. Kijana kapora simu stendi. Merton atasema jamii imemfundisha kutamani mafanikio lakini njia halali hana, basi anabuni yake. Wa mgogoro atauliza kwa nini kibaka anakwenda jela na tajiri anayekwepa kodi anaitwa kujadiliana. Becker hashughuliki sana na simu, anatazama kinachofuata. Mtaa ukishamwita mwizi, kazi hapati, wenzake wanaobaki ni wezi, na jina linakuwa yeye.

Mwisho, chini ya kila nadharia andika udhaifu wake. Uamilifu hufumbia macho kipigo cha nyumbani. Mgogoro hupata shida kueleza kwa nini maskini wengi hawaibi. Becker haelezi vizuri wizi wa kwanza, kabla jina halijabandikwa. Wengi huruka hapa, halafu swali likisema "jadili" wanabaki wanaeleza tu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Merton anazungumzia kukosa fursa. Si wa mgogoro huyo?*
Hapana. Kwake malengo ni ya jamii nzima, tatizo ni njia hazitoshi. Hadai kwamba sheria yenyewe imetungwa kulinda tabaka la wenye mali. Hapo ndipo wanapoachana.

*Rosenthal na Jacobson walifanya nini hasa?*
Walikuwa shule ya msingi moja ya California. Waliwatajia walimu watoto ambao eti wangechanua mwaka ule, kumbe majina yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Baadaye waliotajwa walipanda zaidi kwenye kipimo cha akili, hasa madarasa ya chini. Ongeza kwamba tafiti za kurudia zimetoa matokeo mchanganyiko.

*Willis wa 1977 nimweke wapi, dada?*
Mgogoro, upande wa elimu. Ila andika pembeni kwamba alikaa na vijana wenyewe, akasikiliza wanavyoidharau shule, na dharau hiyo ikawapeleka kwenye kazi za mikono kama za baba zao. Mbinu ni ya mwingiliano, hitimisho ni la kitabaka.