Spika ya Alexa sebuleni: kumzuia mgeni asiagize vitu wala kusikiliza ujumbe wako

Spika ya Echo ya kampuni ya Amazon, ambayo ndani yake Alexa ndiye anayejibu, haimuulizi mtu jina kabla ya kumtii. Ikisikia neno `Alexa`, inapokea amri na kuitekeleza kwa akaunti ya aliyeisajili. Akaunti hiyo ndiyo yenye kadi ya benki, anwani ya nyumbani, kalenda na majina ya watu unaowasiliana nao. Aliyeketi kwenye kochi lako anavifikia vyote hivyo kwa mdomo tu, bila kugusa simu yako.

Kazi yangu ni kuwafungia watu vifaa hivi majumbani huku Marekani, na wengi wa wateja wangu ni familia zetu za Afrika Mashariki ambazo nyumba hazikosi wageni: ndugu wa Jumapili, watoto wa majirani, mpwa aliyekuja kukaa wiki mbili. Nitaeleza nilivyopanga nyumba ya mama mmoja mwenye spika mbili, moja sebuleni na nyingine chumbani kwake.

Hatua ya 1: Zima ununuzi kwa sauti

Fungua programu ya Alexa kwenye simu iliyosajili spika. Nenda `More`, kisha `Settings`, kisha `Account Settings`, kisha `Voice Purchasing`. Menyu huhamishwa mara kwa mara programu inaposasishwa, kwa hiyo usipoiona hapo tafuta jina hilohilo ndani ya `Settings`. Utakuta swichi; mara nyingi imewashwa, hata kama hukuiwasha wewe.

Unaweza kuizima kabisa, au kuiacha na kuweka namba ya siri ya tarakimu 4 ambayo Alexa ataiuliza kabla ya kukamilisha oda. Mama yule alitaka namba. Nikamuuliza, "Mama, ukiagiza sabuni wajukuu wakiwa sebuleni, hiyo namba utaitamka wapi?" Akacheka, akasema, "Zima tu, mwanangu." Namba hii hutamkwa kwa sauti, na aliye chumba kimoja nawe anaisikia. Inamfaa anayeishi peke yake au anayeagizia chumbani. Kwa sebule yenye watu, zima.

Kuna pia njia ya kumfanya Alexa atambue sauti yako. Inasaidia kumpa kila mtu nyimbo zake na kalenda yake, lakini usiitegemee kama kufuli la pesa. Dada wawili, au mama na binti yake, huweza kufanana sauti kiasi cha kuichanganya.

Hatari ya ununuzi si ya kubuni. Januari 2017 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuhusu mtoto wa miaka 6 huko Texas aliyezungumza na Alexa, na nyumba ya mwanasesere pamoja na biskuti zikaagizwa kwa akaunti ya wazazi. Mtangazaji wa televisheni moja ya San Diego alipoyarudia maneno ya mtoto huyo hewani, watazamaji walilalamika kwamba spika zao nazo zilijaribu kuagiza. Ndiyo maana nasema tatizo si mgeni mwenye nia mbaya peke yake. Hata televisheni iliyo wazi inaweza kutoa amri.

Ukishazima, elewa kilichobaki. Mgeni bado anaweza kuweka bidhaa kwenye kikapu au kwenye orodha ya manunuzi. Hakuna pesa inayotoka hapo, ila siku utakapolipia vitu vyako mwenyewe, kipitie kikapu kwanza. Na kama una televisheni ya Fire TV, filamu za kukodi zina namba yao ya siri, inayowekwa kwenye mipangilio ya televisheni yenyewe. Swichi uliyozima haitoshi kwa hizo.

Hatua ya 2: Funga mawasiliano, spika moja baada ya nyingine

Hapa ndipo watu wengi hawafiki. Mwanga wa manjano ukipigapiga kwenye spika, maana yake kuna ujumbe au arifa inasubiri. Mgeni yeyote anauona, na akisema maneno haya ujumbe wako wa Alexa unaweza kusomwa mbele ya watu:

```
Alexa, play my messages
```

Rudi kwenye programu, gusa `Devices`, chagua spika ya sebuleni, fungua mipangilio yake, kisha zima `Communications`. Spika hiyo haitapiga simu tena wala kusoma ujumbe. Muziki, taa, saa na hali ya hewa vitaendelea kama kawaida. Spika ya chumbani tuliiachia mawasiliano, kwa kuwa mama huzungumza na dada yake kupitia hiyo.

Lakini kwenye spika ya chumbani zima `Drop In`. Huduma hii hufungua sauti kati ya spika mbili papo hapo, bila aliye upande wa pili kupokea. Ikiwa imeruhusiwa kwa watu wa nyumbani, aliye kwenye spika nyingine ya nyumba hiyo yenye mawasiliano anaweza kuifungua ya chumbani na kusikia yanayosemwa ndani. Inapotokea, mwanga wa kijani huzunguka kwenye spika. Aliyelala au aliyeipa mgongo hauoni.

Kalenda nayo ina mlango wake. Ndani ya `Settings` tafuta `Calendar`. Kama umeunganisha kalenda ya kazini au yenye miadi ya hospitali, iondoe.

Hatua ya 3: Arifa za mizigo

Ndani ya `Settings`, fungua `Notifications`, kisha `Amazon Shopping`. Zima sehemu inayomruhusu Alexa kutaja majina ya bidhaa. Ukiiacha, anaweza kutangaza mzigo unaokuja na kilichomo ndani, iwe zawadi ya siri au dawa ambayo hukutaka shemeji aijue.

Hatua ya 4: Jaribu kama mgeni

Usiamini swichi, amini jibu. Mwambie mtu mwingine wa nyumbani asimame karibu na spika ya sebuleni, simu yako ikiwa mbali, aseme moja baada ya nyingine:

```
Alexa, order batteries
Alexa, play my messages
Alexa, what's on my calendar
Alexa, drop in on bedroom
```

Badala ya `bedroom` ataje jina ulilolipa spika ya chumbani. Kwa mama yule, amri ya kwanza, ya pili na ya nne zilikataliwa. Ya tatu ilisoma miadi ya daktari wa meno. Kalenda iliyokuwa inasomwa ilikuwa ya mwanawe, aliyeiunganisha zamani akahama na kuisahau. Tuliitoa, tukarudia amri, Alexa hakuwa na cha kusoma. Ikiwa kwenye jaribio lako oda inaanza kutajiwa bei, sema `cancel` mara moja, kisha uangalie `Your Orders` kwenye akaunti ya Amazon kuhakikisha haikupita.

Rudia jaribio hili kila unaponunua spika mpya. Swichi ya ununuzi ni ya akaunti nzima, lakini mawasiliano hupangwa kwa kila kifaa, na kipya huweza kuingia na mawasiliano yakiwa wazi.

Wageni wakija ghafla na hujapata muda wa haya yote, bonyeza kitufe cha kipaza sauti juu ya spika hadi mwanga uwe mwekundu. Hapo haisikilizi amri ya mtu yeyote, wewe ukiwemo. Ila kitufe hicho hakina namba ya siri, na mtoto mwenye udadisi atakibonyeza tena.

Kwa anayepangisha chumba kwa wageni wa siku chache, ushauri wangu ni tofauti: usiweke spika yenye akaunti yako kabisa. Fungua akaunti nyingine ya Amazon isiyo na kadi, isiyo na majina ya watu wala kalenda, usajili spika kwa hiyo, na umwambie mgeni kwamba ipo. Mgeni akiondoka, ingia `Alexa Privacy`, kisha `Review Voice History`, ufute rekodi za sauti yake. Faragha ya mgeni nayo ni jukumu lako.