Watu wawili wanaongea: kuoanisha macho na kukata katikati ya kitendo

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia na diski yake. Ndani yake kulikuwa na sini ya dakika nne: mama na binti wamekaa kibarazani, chai iko mezani, wanabishana kuhusu kuuza kiwanja. Uigizaji mzuri, sauti safi. "Kaka, nimeikata mara tatu," akaniambia, "lakini wanaongea kama watu wasioonana."

Nikazima sauti, nikatazama kwa nusu dakika. Mama akizungumza na binti, anaangalia upande wa kulia wa skrini. Binti akijibu, naye anaangalia kulia vilevile. Kila mmoja alikuwa anamtazama mtu wa tatu ambaye hayupo. Tulikaa mpaka usiku wa manane tukiirekebisha, na mwongozo huu umetokana na kazi ya usiku ule. Natumia DaVinci Resolve na picha za fremu 25 kwa sekunde. Programu nyingine zina vitufe tofauti, lakini kanuni ni ileile.

Hatua ya 1: Chora mstari kabla ya kufungua kamera

Chukulia kamba imevutwa kutoka kichwa cha mama hadi kichwa cha binti. Chagua upande mmoja wa kamba hiyo, na kamera yako ikae upande huo kwa sini nzima. Basi. Ukikaa upande wa uani, mama atakuwa kushoto akitazama kulia, na binti atakuwa kulia akitazama kushoto, hata kamera uisogeze mara ngapi.

Hatua ya 2: Weka macho ya mwigizaji mahali pake

Hapa ndipo kijana wetu alipoharibikiwa, na ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Siku ya kwanza walipiga shoti pana na shoti za karibu za mama. Siku ya pili zilibaki shoti za karibu za binti, lakini mwigizaji wa mama alikuwa na safari. Wakabandika kipande cha tepu kwenye stendi ya taa, wakamwambia binti azungumze na tepu. Stendi ilikuwa kulia kwa lenzi ilhali ilipaswa kuwa kushoto. Na aliyebandika alibandika akiwa amesimama, kwenye usawa wa macho yake mwenyewe, wakati mama katika sini amekaa kwenye kiti kifupi. Hayo ni makosa mawili katika kipande kimoja cha tepu: upande na kimo.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Mwigizaji asiyeonekana kwenye picha hukaa kwenye kiti chake, kimo chake, bega lake likiwa karibu kugusa kamera, na husema maneno yake yote. Sipendi tepu. Mtu akitazama tepu macho yake huganda. Akitazama uso wa mtu, macho hucheza kutoka jicho moja hadi jingine, na uhai wa mazungumzo unatokana na mchezo huo. Kama mwigizaji hayupo kabisa, mkalishe mtu mwingine yeyote mwenye kimo kama chake.

Halafu mwambie mwigizaji anayepigwa picha amtazame mwenzake kwenye jicho lililo karibu na kamera. Agizo hilo dogo humgeuza uso kidogo tu, na mtazamaji anayaona macho yote mawili. Ukimwacha atazame jicho la mbali, utapata shavu na sikio.

Umbali kati ya mtazamo na lenzi nao ulingane kwa wote wawili. Kama mama anatazama sentimita chache pembeni mwa lenzi, na binti anatazama mita nzima pembeni, mmoja ataonekana yuko karibu sana nasi na mwingine yuko mbali, hata kama upande ni sahihi. Ndiyo maana mimi hupiga shoti zote mbili kwa lenzi ileile, kwa kawaida ya milimita 50, kwa umbali uleule uliopimwa kwa futikamba, na kamera kwenye usawa wa macho ya anayepigwa. Vipimo hivyo viandike kwenye daftari. Usitegemee kumbukumbu, hasa kama kuna siku ya pili.

Kuna hali moja ambapo kimo hakitakiwi kulingana: mmoja amesimama na mwingine amekaa. Hapo aliyekaa atazame juu ya lenzi, aliyesimama atazame chini yake. Liweke hilo akilini, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Hatua ya 3: Kitendo kifungwe kwenye neno

Mama akiinuka kwenye neno "kiwanja" katika shoti pana, ainuke kwenye neno hilohilo katika shoti ya karibu, kwa mkono uleule akijisukuma kwenye kiti. Pia kila shoti ianze kabla ya kitendo na iendelee baada ya kitendo kwisha. Ukimwambia aanze akiwa tayari amesimama, umejinyima mahali pa kukata.

Hatua ya 4: Kwenye meza ya kuhariri, anza na macho

Zima sauti. Nenda kwenye kila kiungo, yaani pale shoti moja inapokatwa kwenda nyingine, kati ya mama na binti, cheza sekunde mbili kabla na mbili baada, ujiulize swali moja tu: wanatazamana? Usishughulikie kitu kingine mpaka jibu liwe ndiyo kwa sini nzima. Nimeona watu wanakaa saa tatu wakisogeza fremu moja moja kwenye kikombe cha chai ilhali ugonjwa uko machoni.

Upande tuliurekebisha kwa kugeuza picha. Chagua klipu, fungua `Inspector`, nenda `Transform`, bonyeza alama ya kugeuza mlalo kwenye `Flip`. Binti sasa anatazama kushoto. Lakini kabla ya kufurahi, pitia picha nzima utafute kitu kinachofichua mgeuzo. Binti alikuwa amejitanda kanga, na ukingoni mwa kanga, begani, yalionekana maandishi ya "Wema hauozi", sasa yakisomeka kinyumenyume. Tulibahatika kwamba walipiga kwa 4K na sini inatoka kwa 1080, kwa hiyo tulivuta picha hadi asilimia 115 na kuisogeza maandishi yakatoka nje ya fremu bila picha kufifia. Kama hawakupiga kwa ukubwa huo, ukivuta kiasi hicho picha itaanza kupoteza makali, hasa kwenye nywele na kope.

Kitu cha pili kilikuwa kipini cha pua. Kilikuwa pua ya kushoto, kikahamia kulia. Katika shoti pana hakionekani kwa udogo wake, kwa hiyo kilitakiwa kiwe upande mmoja tu katika shoti zote za karibu. Ukigeuza moja, geuza zote. Angalia pia saa ya mkononi, njia ya nywele, mkono unaoshika kikombe, na mwanga unatoka upande gani wa uso.

Kimo hakirekebishiki kwa kugeuza. Binti bado alikuwa anatazama juu, kama vile mama amesimama. Nikamuuliza kijana, "Hivi mama huwa anasimama wakati wowote?" Akasema ndiyo, baada ya dakika moja na nusu anainuka kufuata hati ya kiwanja, anarudi, anabaki amesimama mpaka mwisho. Basi tukapanga upya: shoti zote za karibu za binti tukazihamishia baada ya mama kuinuka. Kabla ya hapo, maneno ya binti tunayasikia huku tukitazama shoti pana, au uso wa mama anayesikiliza. Sini haikupungukiwa kitu. Kwa maoni yangu ilipata nguvu, maana uso wa binti kwa karibu sasa unatokea pale tu mama anapomsimamia.

Hatua ya 5: Kata katikati ya kuinuka

Sasa kila kitu kilitegemea kuinuka kwa mama, kutoka shoti pana kwenda shoti ya karibu. Kukata kabla hajaanza kuinuka kungefanya picha ya kwanza igande na ya pili irukie. Kukata akiwa tayari amesimama kungemfanya mtazamaji akione kiungo chenyewe, kwa sababu hakuna kinachomshughulisha jicho. Kiungo kinafichika pale mwendo unapokuwa njiani: jicho linaufuata mwili, halina nafasi ya kuchunguza picha imebadilika.

Tafuta tukio moja la mwili linaloonekana katika shoti zote mbili. Mimi nilichukua fremu ambayo mgongo wa mama unaacha kiti. Weka alama kwa `M` kwenye fremu hiyo katika klipu zote mbili, uweke klipu moja juu ya nyingine mpaka alama zikutane. Sasa unajua mwendo umelingana, na unaweza kukata popote ndani yake.

Kuinuka kote kulichukua fremu 31. Nilikata kwenye fremu ya 10, yaani theluthi moja hivi ya mwendo. Kisha nikairudisha nyuma shoti ya karibu ili fremu mbili za mwendo zijirudie. Kwa hesabu huo ni urudiaji, lakini jicho huchelewa kidogo kupokea picha mpya, na bila fremu hizo mwendo huonekana umeruka. Wakati mwingine inatosha moja, wakati mwingine zinahitajika tatu. Zikizidi, utaona mama anajikwaa, kama anaanza kuinuka mara mbili.

Kusogeza kiungo usitumie kipanya, utapita. Bonyeza `T`, chagua kiungo katikati yake ili urefu wa sini usibadilike, kisha `,` kurudi fremu moja na `.` kwenda mbele. Cheza kwa kasi ya kawaida kila baada ya mguso, usihukumu picha ikiwa imesimama. Ukikuta kiungo kinakataa, angalia kwanza mkono: katika teki moja mama alijisukuma kwa mkono wa kulia, katika nyingine wa kushoto, na hakuna fremu itakayoponya hilo. Badilisha teki.

Na tafadhali usifunike kiungo kigumu kwa disolvu. Disolvu inamwambia mtazamaji kwamba muda umepita, ilhali hapa hata sekunde haijapita.

Hatua ya 6: Sauti

Mlio wa kiti uchukue kutoka teki moja tu, uupitishe chini ya kiungo bila kuukata. Maneno ya binti "Hapana, mama" tuliyaanzisha fremu 8 kabla ya uso wake kuonekana. Mtazamaji alikuwa ameshamgeukia kwa masikio, na picha ilipokuja ilimkuta anatazama juu, kuelekea pale mama alipokuwa amesimama.