Somo: Kusoma wasifu wa mshauri wa kodi ukiwa na tangazo la kazi mkononi

Ndugu wanajukwaa, nimechoka kupokea wasifu wa watu ukiambatana na swali moja tu, "huyu anafaa?", kwa hiyo leo naandika mara moja ili kila mwenye ofisi hapa Tanga ajisomee. Nitatumia tangazo moja: kampuni ya malori ya mizigo yenye wafanyakazi arobaini inamtaka mtu wa kuandaa ritani za VAT na PAYE, kusimamia ukaguzi wa TRA na kutumia Tally.

Hatua ya kwanza: pigia mstari aina za ritani zilizotajwa kwenye tangazo.

Hatua ya pili: zitafute kwenye wasifu, ukiangalia kitenzi kilichotangulia. "Kuandaa" na "kusaidia kuandaa" ni kazi mbili. Angalia pia mwajiri wa zamani alikuwa akifanya biashara gani. Mwombaji mmoja aliandika kwamba ana miaka mitano katika kampuni ya usafirishaji, na mwenye malori akafurahi. Kumbe ilikuwa kampuni ya mabasi tu. Usafiri wa abiria kwa basi umesamehewa VAT, lakini kubeba mizigo hakukusamehewa, hivyo mtu huyo anaweza kuwa hodari wa PAYE na bado asiwahi kuwasilisha ritani ya VAT ya kila mwezi, ile ya mwisho tarehe 20, hata mara moja.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonitia aibu. Nilimpendekeza kijana ambaye wasifu wake ulisema "alishughulikia ukaguzi wa TRA". Mteja wangu alipoletewa makadirio ya kodi asiyokubaliana nayo, kijana alikwenda ofisi za TRA mara nne kuzungumza, akarudi kila mara na matumaini, na siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi zikapita. Baadaye nikagundua kwamba huko alikotoka kazi yake ilikuwa kupeleka majalada. Tangu siku ile sikubali neno "alishughulikia" mpaka nijue mtu alifika ngazi gani: kupeleka nyaraka, kujibu hoja za wakaguzi, kuandika pingamizi, au kufika Bodi ya Rufani za Kodi.

Kipimo changu ni swali moja la hesabu. Makadirio ni shilingi milioni 60, na mteja anakubali kwamba milioni 12 kati ya hizo ni deni halali. Alipe kiasi gani ili pingamizi lipokelewe? Aliyewahi kuifanya kazi hiyo atajibu milioni 20, kwa kuwa sheria inadai theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa. Anayejibu 12 amesikia habari hizi kwa mbali. Akiongeza kwamba Kamishna anaweza kuombwa kupunguza au kusamehe amana hiyo kwa sababu za msingi, mwite kwenye usaili.

Hatua ya nne: programu. Tally na QuickBooks hutunza vitabu, lakini ritani huwasilishwa kwenye mfumo wa TRA wenyewe. Muulize anavyolinganisha mauzo ya kwenye vitabu na ripoti za Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, za mashine ya risiti ya EFD kabla ya kuwasilisha.

MASWALI

Mwanachama wa Makorora: Mwalimu, nimekutumia wasifu wa mtu faraghani, niambie tu kama anafaa.
Jibu: Hukuambatanisha tangazo. Soma hatua ya kwanza.

Mwanachama wa Chumbageni: Kwa hiyo unadharau vijana wanaopeleka majalada? Sote tulianzia huko.
Jibu: Nami nilianzia huko, kaka. Sikumkataza mtu kuandika "nilipeleka nyaraka". Ninachokataa ni kuliandika kwa neno linaloficha.

Dada wa Bagamoyo: Shikamoo mwalimu. Mwombaji wangu ana miaka minne ya ritani za VAT, yote Zanzibar. Niihesabu?
Jibu: Marahaba, mwanangu, swali zuri. VAT ya Zanzibar ina sheria yake na inakusanywa na ZRA, wakati kodi ya mapato huko inakusanywa na TRA. Kwa hiyo ihesabu kama uzoefu wa kazi ya VAT, lakini usiihesabu kama uzoefu wa sheria ya Bara. Muulize kodi ya mapato aliiwasilisha wapi. Akisema ZRA, ana walakini.

Dada wa Bagamoyo: Ahsante. Na nitajuaje kwamba maarifa yake hayajapitwa na wakati?
Jibu: Tafuta kiwango kilichobadilika. Mimi huuliza SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, inaanzia wafanyakazi wangapi. Zamani ilikuwa wanne, na tangu 2021 ni kumi. Mtu anayesema wanne huenda aliijua kazi vizuri, lakini aliiacha kabla ya mwaka huo, na hapo unarudi kwenye wasifu kutazama tarehe za ajira yake ya mwisho.