Anatishia kukuanika usipotuma hela? Anza hivi, kisha zuia picha kupitia StopNCII

Tuseme mmechati wiki kadhaa, ukamtumia picha, leo anakurushia skrinshoti ya majina ya ndugu zako na ya bosi wako, anasema tuma hela kabla ya saa kumi na mbili jioni la sivyo wote watajua unatoka na watu wa jinsia yako. Hiyo saa kaiweka makusudi usipate muda wa kufikiri. Usilipe, maana ukilipa anajua unazo na unaogopa, kesho anarudi na bei nyingine, na kama ulishalipa basi acha hapo hapo, ila risiti tunza.

Usimbloki kwanza. Piga skrinshoti za vitisho zionyeshe jina la akaunti, tarehe na namba anayotaka itumiwe hela, kopi na linki ya profaili yake maana jina anabadilisha muda wowote. Kama unapoishi simu yako ikikaguliwa itakuletea balaa, usiziache kwenye galari, mpe mtu unayemwamini akutunzie. Halafu ficha orodha ya marafiki zako, ripoti akaunti, ndo umbloki. Akisema mkutane myamalize, usiende.

Sasa picha. Ingia StopNCII.org, ni bure, ila ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea (chini ya hapo tumia takeitdown.ncmec.org). Fungua kesi, jibu maswali, kisha chagua picha au video kutoka kwenye simu yako. Picha yenyewe haitoki kwenye simu, kinachotoka ni alama ya herufi na namba iliyotengenezwa kutokana nayo, na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia kuitambua picha hiyo ikipandishwa na kuizuia. Kwa hiyo usiifute kabla hujamaliza. Mwisho unapewa namba ya kesi na PIN, andika pembeni kabla hujafunga ukurasa, PIN ikipotea huwezi tena kufuatilia kesi.

Mipaka yake ujue: inakubali picha za utupu, nusu utupu au za tendo lenyewe, skrinshoti za chati haizichukui, akikata au kuihariri picha inaweza kupenya, na anayoituma moja kwa moja kwa mtu WhatsApp haiwezi kuiona. Ndo maana kama kuna ndugu mmoja unayejua hatakugeuka, afadhali asikie kwako kwanza. Na kama kwenu ikijulikana wanaweza kukupiga au kukufukuza, panga leo pa kulala, weka vitambulisho na dawa zako mahali pa kuchukua haraka.

Polisi? Kutishia mtu ili atoe hela ni kosa nchi nyingi, lakini kama sheria ya hapo ulipo inaadhibu mahusiano ya jinsia moja, usiende kituoni peke yako na simu mkononi, ongea kwanza na wakili au shirika la haki linalozijua kesi hizi, wao ndo wakwambie kipi useme na kipi uache.